Unene wa utando kutoka kwenye vilele vya eksirei

Utando wa nikeli wenye unene wa nanomita 30 ni mwembamba kuliko unywele wa binadamu kwa zaidi ya mara elfu mbili. Maikromita ya fundi haiugusi, na ukikatwa ili utazamwe ubavuni kwa hadubini ya elektroni, sampuli ndiyo imekwisha. Hata hivyo unene wake unaweza kujulikana kwa usahihi wa sehemu ndogo ya nanomita bila kuukwaruza. Eksirei humulikwa juu yake kwa mlalo mkubwa, karibu sambamba na uso wenyewe, kisha huhesabiwa ni kiasi gani kinachoakisiwa kila pembe inapoongezwa kidogo. Matokeo yake ni mchoro mmoja tu wa mstari, unaoanza juu, ukaporomoka ghafla, kisha ukateremka huku ukipanda na kushuka kwa vilele na mabonde. Ndani ya mchoro huo mna mambo matatu: unene wa utando, msongamano wake, na jinsi nyuso zake zinavyokwaruza. Kila moja huacha alama yake mahali pake, na kazi ni kuzitenganisha.

Mashine inayotumika kwa kawaida ni ileile inayochunguza fuwele kwa eksirei. Chanzo chake huwa bomba lenye shaba, linalotoa eksirei zenye urefu wa wimbi wa nanomita 0.154. Sampuli hukaa katikati, chanzo upande mmoja na kigunduzi upande wa pili, na vyote husogezwa kwa pamoja ili pembe ya kuingia ibaki sawa na pembe ya kutoka. Pembe hiyo hupimwa kuanzia kwenye uso wa sampuli, si kutoka kwenye mstari uliosimama wima juu yake kama inavyofundishwa katika masomo ya mwanga. Tahadhari moja inafaa itolewe mapema. Skrini ya mashine huonyesha pembe baina ya mwali unaoingia na unaotoka, ambayo ni mara mbili ya pembe ya kweli. Anayesahau kuigawa kwa mbili hupata unene ulio nusu ya ule halisi, na kosa hilo halijionyeshi kwenye umbo la mchoro.

Kuporomoka kwa ghafla kunatokana na tabia ya ajabu ya eksirei. Mwanga wa kawaida ukiingia kwenye kioo hupungua kasi na kupinda kuelekea ndani. Eksirei hufanya kinyume chake: kwao metali ni kitu chepesi kidogo kuliko hewa, na kipimo cha mpindo huwa chini ya 1 kwa sehemu chache tu kati ya laki moja. Pengo hilo ni dogo mno, lakini linatosha. Mwali ukija kwa mlalo wa kutosha haupati njia ya kuingia, nao huakisiwa karibu wote. Mmarekani Arthur Compton alionyesha jambo hilo mwaka 1923. Pembe ikipita kizingiti fulani, eksirei huanza kuzama ndani ya utando na uakisi huanguka. Kwa silikoni kizingiti hicho kiko kwenye digrii 0.22, kwa nikeli ni karibu 0.40, na kwa dhahabu ni karibu 0.55. Mpangilio huo unaeleza kila kitu: kadiri elektroni zinavyobanana zaidi ndani ya kitu, ndivyo kizingiti kinavyosogea mbele. Mraba wa pembe ya kizingiti huenda sambamba na idadi ya elektroni katika kila nanomita ya ujazo, na kutoka kwenye idadi hiyo msongamano wa kawaida, yaani gramu kwa sentimita ya ujazo, hupatikana kwa hesabu fupi.

Baada ya kizingiti huja vilele. Sehemu ya mwali huakisiwa kwenye uso wa juu wa utando, na sehemu nyingine hupenya, hufika chini utando unapokutana na kitako chake, kisha hurudi juu. Mawimbi haya mawili hukutana yakitoka. Yakipatana, mchoro hupanda, yakipingana, hushuka. Ni mwingiliano uleule unaoyapa mafuta yaliyomwagika juu ya dimbwi rangi zake za upinde wa mvua, ila hapa urefu wa wimbi ni mdogo mara elfu kadhaa, ndiyo maana tabaka la atomi chache nalo huonekana. Mjerumani Heinz Kiessig aliviona vilele hivi na kuvieleza mwaka 1931, kwa utando wa nikeli uliowekwa juu ya kioo, na hadi leo vinaitwa kwa jina lake.

Kanuni ya msingi ni nyepesi. Utando mnene hurefusha safari ya wimbi la pili, kwa hiyo badiliko dogo la pembe linatosha kutoka kwenye kupatana hadi kupingana na kurudi tena. Vilele hubanana. Utando mwembamba huvitawanya. Mbali na kizingiti, nafasi kati ya kilele na kilele, ikipimwa kwa radiani, hukaribia urefu wa wimbi uliogawanywa kwa mara mbili ya unene. Lakini maneno "mbali na kizingiti" yana uzito, na hapo ndipo wengi hukosea.

Chukua utando wa nikeli uliowekwa juu ya kisahani cha silikoni, uliokusudiwa uwe na nanomita 30. Tuseme mchoro wake unaonyesha vilele kwenye pembe hizi za kweli: digrii 0.448, 0.536, 0.646, 0.768, 0.898, 1.033, 1.170 na 1.310. Nafasi kati ya viwili vya kwanza ni 0.088, na kati ya viwili vya mwisho ni 0.140. Zinatofautiana sana ingawa utando ni mmoja. Mwenye haraka akitumia nafasi ya kwanza atapata unene wa nanomita 50. Akitumia ya mwisho atapata karibu 31.5. Hakuna hata moja iliyo sahihi. Sababu ni kwamba mwali ukishaingia kwenye nikeli hupinda na kulala zaidi, na upindaji huo huwa mkubwa mno karibu na kizingiti. Ndani ya utando pembe si ile iliyosomwa kwenye mashine.

Dawa yake ni kufanya kazi na miraba ya pembe badala ya pembe zenyewe. Kwa utando mzito juu ya kitako chepesi, kama huu, kilele chenye namba m hufuata kanuni hii:

θ² = θc² + (m + ½)² · (λ/2d)²

Hapa θ ni pembe ya kilele, θc ni kizingiti cha utando, λ ni urefu wa wimbi, na d ni unene. Nusu inayoongezwa kwenye m inatokana na wimbi la chini kugeuka kichwa chini linapoakisiwa kutoka kwenye kitu chenye elektroni chache kuliko utando. Utando ukiwa mwepesi kuliko kitako, kwa mfano plastiki juu ya silikoni, nusu hiyo huondolewa. Miraba ya pembe ikichorwa dhidi ya miraba ya (m + ½), nukta hukaa kwenye mstari mnyoofu. Mteremko wa mstari hutoa unene, na mahali unapokata mhimili wa wima hutoa kizingiti, hivyo msongamano.

Kwanza lazima kila kilele kipewe namba yake, na namba hazijaandikwa kwenye mchoro. Kilele chenye m sawa na 0 huwa kimemezwa na ukingo wa mporomoko. Katika mfano huu kingekaa kwenye digrii 0.397, mahali ambapo hakuna jicho litakalokitambua. Kwa hiyo kilele cha kwanza kinachoonekana, cha 0.448, ni namba 1. Je, mtu atajuaje kama amekosea? Mstari wenyewe humwambia. Akikiita cha kwanza namba 0, nukta hazikai kwenye mstari mnyoofu bali hupinda kama upinde. Anajaribu namba inayofuata, na nukta hunyooka. Hii ni moja ya nadra ambapo kosa hujifichua lenyewe, basi ni vyema kuchora grafu yote badala ya kuchukua vilele viwili na kukimbilia kikokotozi.

Grafu ikishanyooka, hesabu ni fupi. Kilele namba 2 kina mraba wa 0.2873 na kilele namba 8 kina 1.7161. Tofauti yake ni 1.4288. Kwa upande wa pili, mraba wa 8.5 ni 72.25 na wa 2.5 ni 6.25, tofauti 66. Mteremko basi ni 0.02165, na kipeo chake cha pili ni digrii 0.1471, sawa na radiani 0.002568. Urefu wa wimbi, 0.15406, ukigawanywa kwa mara mbili ya hiyo, jibu ni nanomita 30.0. Kisha kutoka 0.2873 huondolewa 6.25 zidisha 0.02165, hubaki 0.152, na kizingiti ni digrii 0.390.

Nikeli halisi, yenye gramu 8.9 kwa sentimita ya ujazo, ingekuwa na kizingiti cha karibu 0.40. Pengo la 0.01 linaonekana si kitu, lakini msongamano hufuata mraba wake, na hesabu inatoa takriban 8.5. Utando huu umepungukiwa na asilimia 5 hivi. Hilo ni jambo la kawaida kwa metali iliyowekwa kwa kunyunyiziwa au kuvukizwa ndani ya ombwe, kwani chembe zake hukua huku zikiacha mapengo madogo kati yake.

Nikeli ina mtego mwingine, na ni vigumu kumlaumu anayenaswa. Kitabu cha kemia kinasema atomi ya nikeli ina elektroni 28. Lakini nishati ya eksirei za shaba iko chini kidogo tu ya ile inayotosha kung'oa elektroni za ndani kabisa za nikeli, na elektroni hizo, zikiwa zimeshikwa sana, haziitikii wimbi kama zile za nje. Kwa eksirei za shaba, atomi ya nikeli huakisi kana kwamba ina elektroni 25 tu. Anayetumia 28 atapata msongamano wa 7.6 badala ya 8.5, na ataandika katika ripoti kwamba utando una mapengo ya asilimia 15. Chuma na kobalti nazo zina matatizo ya aina hii, kila moja kwa kiasi chake, kulingana na eksirei zinazotumika. Majedwali ya marekebisho yapo na programu nyingi huyatumia zenyewe. Tatizo huwapata wanaokokotoa kwa mkono.

Unene na msongamano havitegemei vitu vilevile, kwa hiyo haviharibiki kwa namna moja. Sampuli ikiwekwa ikiwa imeinama kidogo, kiasi kwamba pembe zote zikasomeka kwa ziada ya digrii 0.005, unene wa mfano wetu hukosewa kwa chini ya sehemu moja ya kumi ya nanomita. Msongamano hukosewa kwa asilimia 3. Ndiyo sababu mpimaji makini huthubutu kuutaja unene kwa nanomita na desimali moja, lakini msongamano huutaja kwa kusitasita. Kuna pia suala la ukubwa wa sampuli. Mwali wenye upana wa milimita 0.1 ukija kwa digrii 0.2 hutanda juu ya uso kwa karibu sentimita 3. Kipande kifupi kuliko hapo hakiupokei wote. Sehemu yake hupita pembeni bila kugusa kitu. Dalili yake ni kwamba kabla ya kizingiti mchoro haulali tambarare bali hupanda taratibu pembe inapokua, na bega lake huwa la mviringo. Asiyelirekebisha hilo atakisoma kizingiti mahali pasipo chake.

Ukwaruzo hausomwi kwenye nafasi za vilele. Husomwa kwenye urefu wake na kwenye kasi ya mteremko mzima. Uso laini kabisa tayari hupoteza uakisi kwa kasi: mbali na kizingiti, pembe ikiongezwa maradufu uakisi hupungua mara 16. Uso wenye vilima na mashimo hupunguza zaidi, kwa sababu mawimbi yanayotoka sehemu za juu na za chini hayafiki kwa pamoja. Ukali wa athari hiyo unashangaza. Kwa nikeli kwenye digrii 1.31, uso laini ungeakisi takriban fotoni 1 kati ya 2,000. Ukwaruzo wa wastani wa nanomita 0.5, ambao ni upana wa atomi mbili za nikeli, huishusha hesabu hadi 1 kati ya 5,000. Nanomita 1 huifanya 1 kati ya 65,000. Nanomita 2 huifikisha moja katika takriban bilioni mbili, na hapo kigunduzi cha maabara hakioni kitu zaidi ya kelele zake. Ndiyo maana njia hii ni hodari kwa nyuso laini na haifai kwa nyuso zinazokwaruza kuliko nanomita chache: si kwamba inakosea, bali mchoro unakatika kabla ya vilele kuhesabika.

Utando una nyuso mbili, na kila moja hukwaruza kivyake. Uso wa juu ukiharibika huku wa chini ukiwa laini, mchoro wote huzama haraka. Wa chini ukiharibika huku wa juu ukiwa laini, mteremko wa jumla hubaki wa taratibu, ila vilele hufifia pembe inapokua hadi mstari unakuwa laini, kwa kuwa wimbi la pili limekosa nguvu ya kupingana na la kwanza. Nyuso zote mbili zikikwaruza kwa kiasi kinacholingana, mchoro huzama lakini vilele huendelea kuonekana wazi hadi mwisho. Jicho lililozoea hutofautisha hali hizi kabla ya kompyuta kuwashwa.

Kompyuta hata hivyo inahitajika, kwani sampuli halisi mara nyingi ina zaidi ya tabaka moja. Nikeli ikikaa hewani huota oksidi ya nanomita moja au mbili, na silikoni chini yake kwa kawaida ilikuwa na oksidi yake kabla nikeli haijawekwa. Tabaka hizo hazitoi vilele vyake vilivyo tele. Zile nyembamba hivyo hutoa wimbi moja refu linaloinua baadhi ya vilele vya nikeli na kudidimiza vingine. Mahali vilele vilipo hubaki karibu palepale, lakini urefu wake hauelezeki kwa utando mmoja. Njia ya kukokotoa uakisi wa tabaka zozote, kuanzia ya chini kabisa na kupanda moja baada ya nyingine, ilitolewa na Lyman Parratt mwaka 1954, na namna ya kuingiza ukwaruzo ndani yake ilitolewa na Wafaransa Névot na Croce mwaka 1980. Programu za leo hufanya hivyohivyo: hupewa idadi ya tabaka, hubahatisha unene, msongamano na ukwaruzo wa kila moja, hukokotoa mchoro, hulinganisha na ule uliopimwa, kisha hurekebisha na kurudia maelfu ya mara.

Ukokotoaji huo huanza na ubashiri wa mtu, na ubashiri mbaya haurekebishwi na kurudia. Kigunduzi huhesabu fotoni, lakini hakirekodi mawimbi yalifika yakiwa katika hatua gani, kwa hiyo miundo miwili tofauti ya tabaka inaweza kutoa mchoro mmoja. Kuongeza tabaka la tatu au la nne karibu kila mara huboresha mlingano, na si ushahidi kwamba tabaka hilo lipo. Kipimo kizuri cha uaminifu ni kuuliza kama msongamano uliopatikana unawezekana kimaumbile. Programu inaweza kutoa nikeli ya gramu 10 kwa sentimita ya ujazo bila aibu, na mstari ukalingana vizuri kabisa, ilhali utando wa nikeli tupu haukaribii msongamano huo.

Mipaka ya unene iko pande zote mbili. Utando wa nanomita 200 una vilele vilivyoachana kwa digrii 0.022 tu, na mwali wa maabara wenyewe hutawanyika kwa kiasi kinachokaribia hicho, hivyo vilele huungana na kupotea. Utando wa nanomita 2 una nafasi ya digrii 2.2, kwa hiyo ni lazima upimwe hadi mbali sana ili hata kilele kimoja kionekane, na huko fotoni ni chache mno. Kuna pia utando ambao unene wake uko katikati ya mipaka na bado haonekani kitu. Oksidi ya silikoni juu ya silikoni ina karibu idadi ileile ya elektroni kama kitako chake, hivyo wimbi la pili huzaliwa dhaifu. Vilele vipo, ila ni vidogo kiasi cha kufichwa na kelele kwa urahisi.

Lipo pia jambo ambalo mchoro wa aina hii hausemi hata ukipimwa vizuri namna gani. Nikeli juu ya silikoni ikipashwa joto, atomi zake huanza kuchanganyika na za silikoni, na mpaka ulio mkali hugeuka kuwa ukanda wa mchanganyiko. Mpaka laini wenye ukanda wa namna hiyo, na mpaka mkali wenye vilima na mashimo, hutoa mteremko mmoja, kwa sababu uakisi wa pembe sawa huona wastani wa elektroni kwa kina tu. Namba inayoitwa ukwaruzo kwenye ripoti huwa imebeba vyote viwili. Kuvitenganisha kunahitaji kipimo cha pili: kigunduzi huachwa mahali pamoja na sampuli huinamishwa kidogo huku na huku, ili zihesabiwe eksirei zilizotawanyika nje ya mwelekeo wa uakisi. Vilima na mashimo hutawanya eksirei pembeni. Mchanganyiko ulio sawia kila mahali hautawanyi.